Amri ya Usimamizi na Amri ya Matunzo: Mtoto Aondolewe Lini?

Amri ya usimamizi na amri ya matunzo hutolewa na mahakama kumlinda mtoto, na kwa kawaida zote mbili huhitaji ushahidi kwamba mtoto anadhurika, au yumo hatarini kudhurika vibaya, kutokana na malezi anayopata. Umaskini peke yake hautoshi.

Chukua mtoto wa miaka 4 anayeachwa peke yake usiku mara kwa mara. Mama akikubali msaada, amri ya usimamizi humwacha mtoto nyumbani huku afisa wa ustawi wa jamii akimtembelea, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo ya kujaribiwa kwanza. Lakini ziara zikionyesha kwamba bado anaachwa, uzito wake unapungua na hakuna ndugu anayeweza kumlea, mahakama inaweza kutoa amri ya matunzo, ambayo inaweza kumweka kwa walezi wa kambo, yaani familia nyingine iliyokubaliwa kumlea. Hata hapo mama hubaki mzazi, na anaweza kuomba amri hiyo ifutwe.