Kijumlishi cha biti 4: NAND tupu au milango mchanganyiko?

Mafundi wanafunzi wa Arusha hubishana kila mara juu ya swali hili, na wengi huamini kwamba NAND lazima iwe na kasi ndogo kwa sababu milango yake ni mingi.

Kijumlishi kamili kimoja huhitaji XOR mbili, AND mbili na OR moja, au NAND tisa. Kwa biti 4, mchanganyiko huchukua chipu tano (7486 mbili, 7408 mbili, 7432 moja), ilhali NAND huchukua 7400 tisa na waya nyingi zaidi.

Kuhusu ucheleweshaji, weka 1111 na 0000, kisha badilisha C0, biti ya kubeba inayoingia, kutoka 0 hadi 1. Moja ya kubeba hupita AND na OR katika kila hatua; kwenye NAND hupita pia milango miwili tu, hivyo njia zote mbili hutoa C4, biti ya kubeba inayotoka, baada ya milango minane. NAND huachwa nyuma kwenye biti ya mwisho ya jumla, S3: milango tisa dhidi ya saba, ingawa XOR moja huchelewesha zaidi kuliko NAND moja.

Ukitumia chipu za 74LS, usiache C0 ikining'inia, kwani husomeka kama 1 na 0000 + 0000 huonyesha 0001.

Mwenye bao dogo la majaribio atafaidika na mchanganyiko. Ambaye duka la karibu Moshi lina 7400 pekee, au anayetaka akiba ya chipu ya aina moja, achague NAND.