Almasi moja au mbili? Kuchora safari ya mswada

Juzi huko Tudor, Mombasa, mimi na mwenzangu tuligeuza mhadhara wa jinsi mswada unavyokuwa sheria Kenya kuwa mchoro kwenye karatasi ya manila. Hadi kwenye kura za Bunge michoro yetu ilifanana. Tulitofautiana kwenye hatua ya Rais.

Mwenzangu alichora almasi moja, yaani umbo la swali ambapo njia hugawanyika: "Rais ametia saini?" Ndiyo, sheria, hapana, mswada unarudi bungeni. Ni rahisi kukariri, ila mchoro huo una kosa. Chini ya Kifungu cha 115 cha Katiba ya Kenya ya 2010, Rais ana siku 14 za kuidhinisha mswada au kuurudisha na sababu zake. Akinyamaza hadi muda uishe, mswada unahesabiwa umeidhinishwa. Mswada uliomfikia tarehe 1 Juni, ukakaa kimya hadi siku 14 zikapita, katika mchoro wake unarudi bungeni, ilhali kisheria umeshapita.

Mimi niliweka almasi mbili. Ya kwanza: "Amechukua hatua ndani ya siku 14?" Hapana inakwenda moja kwa moja kwenye uidhinishaji. Ndiyo inafikia ya pili: "Ameidhinisha au ameurudisha?" Ukirudishwa, Bunge laweza kuurekebisha kulingana na hoja zake, au kuupitisha vilevile kwa thuluthi mbili; katika Bunge la Taifa ni kura 233 kati ya 349.

Wangu unakula nafasi zaidi, lakini ndio ningeupeleka kwenye mtihani.