Mjakaranda au mkrismasi: picha imepigwa wapi?

Miti hii ikiwa na maua haina shida, zambarau ni mjakaranda, nyekundu ni mkrismasi. Kazi ipo msimu wa majani tu, maana yote ina vijani vidogo vidogo kama manyoya, hapo mi huzoom kwenye matunda: mjakaranda una kitunda bapa cha mviringo kama biskuti, mkrismasi unaning'iniza maganda marefu kama panga. Mjakaranda barabara nzima nawaza Nairobi au Arusha, juu kwenye ubaridi, mkrismasi nawaza joto la Dar au Mombasa. Ila mti haukuambii ni nchi gani, yote ni ya kuletwa, mjakaranda umetoka Amerika Kusini, mkrismasi Madagaska, kwa hiyo angalia pleti: gari binafsi Tanzania njano mbele na nyuma, Kenya mbele nyeupe.