Kubomoa nyumba ndogo ya tofali: mikono au mashine ya kijiko?

Chukua nyumba ya vyumba viwili Dar es Salaam, tofali za saruji na bati juu. Kwa njia yoyote, TANESCO waondoe kwanza waya unaotoka nguzoni. Kuzima swichi kuu hakutoshi, maana waya unaofika kwenye mita bado una umeme.

Kwa mikono, mafundi hurudi kinyume cha ujenzi: bati, kenchi, madirisha, kisha ukuta kozi kwa kozi kutoka juu. Wasichimbue chini ili ukuta uanguke wenyewe. Hapo ndipo watu hufukiwa. Kazi ni ya polepole, lakini bati, mbao na tofali nzima huuzwa, na kifusi hupungua.

Kijiko ni cha haraka, na hakuna anayesimama karibu na ukuta. Ila kinahitaji njia ya kuingilia, na nondo, mbao na saruji huchanganyika, hivyo tripu za lori huongezeka.

Ukuta ukikaribiana na wa jirani, ningetumia mikono. Kiwanja kikiwa wazi na tofali zikiwa zinamomonyoka, kijiko. Paa likiwa la asbesto, usilipige kwa chochote: lilowanishwe, vigae vifunguliwe vikiwa vizima, na mtaalamu asimamie.