Uzoefu wangu na taa ya dharura niliyoiunda kwa TP4056, betri ya laptopu na LED kumi

Naandika hii kwa wale ambao kila baada ya muda wananunua taa ya dharura dukani halafu inakufa, maana mi pia nlikua hivo hivo mpaka nikaamua kuunda yangu, na sasa imeshakaa hapa kwangu Dar miezi ya kutosha kuitolea maoni. Kwa kifupi nimeridhika nayo sana, ila kuna mambo mawili matatu ambayo usipoyajua taa yako itakufa kama za dukani tu.

Kwanza nieleze kwanini zile za dukani zinakufa, maana mi nilizifungua. Nyingi za bei rahisi ndani zina betri ndogo ya volti 4 ya asidi na risasi, ile ya kiboksi, na chaja yake si chaja kabisa, ni kapasita moja na daiodi nne zimetoka moja kwa moja kwenye waya wa ukutani. Hakuna kitu kinachoangalia kama betri imejaa, ukiisahau kwenye soketi inaendelea kupikwa tu. Na ikiisha hakuna kitu kinachoikata, inabaki tupu siku kadhaa, na betri ya aina hii ikikaa tupu sahani zake zinaota sulfeti haishiki tena chaji. Ubaya mwingine ni kwamba hiyo saketi haina transfoma, kwahiyo ukiifungua ikiwa imechomekwa, waya yoyote ya ndani inaweza kukurusha, hata ile inayoenda kwenye betri. Wenye watoto wadadisi nyumbani mlijue hilo.

Mi nikaenda na litiamu, seli moja ya 18650 (zile ndefu zilizo ndani ya betri za laptopu), na bodi ndogo ya chaja ya TP4056. Kariakoo kwenye maduka ya spea za elektroniki zipo tele, lakini hapa ndo pa kuwa makini. Kuna bodi za aina mbili zinafanana sana: moja ina pointi nne tu za kuunga waya, yani IN mbili na BAT mbili, nyingine ina sita, zimeandikwa IN+, IN-, B+, B-, OUT+ na OUT-. Chukua ya sita. Hiyo ina IC ya ziada inaitwa DW01A pamoja na mosfeti zake, kazi yake ni kuikata betri ikishuka mpaka kama volti 2.4 na kuikata pia nyaya zikigusana. Jamaa dukani alitaka kunipa ya nne, nikamwambia "kaka nitafutie yenye OUT", akaingia ndani akarudi nayo, na bei haikupishana sana.

Seli yenyewe nilitoa kwenye betri ya laptopu iliyokufa. Kwa kawaida pakiti nzima haifi, inakufa seli moja au mbili na zilizobaki zina afya. Nilizipima moja moja kwa multimita, iliyo chini ya volti 2 sikuigusa tena, hiyo ni ya kutupa sehemu salama maana kuichaji ni kucheza na moto. Zilizobaki nikazichaji mpaka 4.2 nikaziacha mezani wiki nzima bila kuunganishwa na kitu, iliyoshuka chini ya 4.1 nikaiweka pembeni kwasababu inavuja yenyewe kwa ndani. Iliyobaki 4.17 ndo nikaitumia. Ukinunua mpya usidanganyike na zile zimeandikwa 9900mAh, seli ya ukubwa huo haiwezi, nyingi za sasa zilizo nzuri zinaishia kwenye 3500 hivi. Ishike mkononi pia, nzima ina uzito wa gramu 45 hivi, feki unaisikia nyepesi kabisa.

Sasa LED. Hapa mafundi wengi wanatoa zile chipu kwenye balbu iliyoungua, wazo zuri ila kuna mtego: chipu nyingi za kwenye balbu si za volti 3, ndani yake zimepangwa mbili tatu mpaka sita kwa mfululizo kwahiyo zinataka volti 6, 9 mpaka 18, ukiziweka kwenye betri ya litiamu haziwaki hata kidogo na utadhani umezichoma. Dawa yake ni kuipima kila chipu kwenye seli yenyewe kupitia rizista ya omu 100, ikiwaka ni ya volti 3, isipowaka geuza nyaya, bado haiwaki basi achana nayo. Stripu za volti 12 nazo ni hivohivo, zimepangwa tatu tatu. Mi nilinunua LED nyeupe za kawaida za milimita 5, kumi, mpya.

Kila LED ina rizista yake ya omu 47. Msiunge LED kumi zote kwenye rizista moja, maana hazilingani, ile inayotaka volti kidogo ndo inayokula mkondo mwingi, inapata moto, inakufa, halafu mzigo unahamia kwa inayofuata. Hesabu yenyewe ni rahisi: betri ikijaa ni 4.2, transista ya kuwashia (naielezea hapo chini) inakula kama 0.15, LED inataka 3.1 hivi, kinachobaki ni 0.95, na mi nataka miliampea 20 kwa kila LED.

```
R = (4.2 - 0.15 - 3.1) / 0.020 = 47.5
```

Kwahiyo 47. Zote kumi zinakula miliampea 200 betri ikiwa imejaa, ikifika 3.7 zinashuka kwenye 100 mpaka 120 hivi, na zinaendelea kushuka hivo taratibu. Maana yake mwanga haukatiki ghafla, unafifia, na seli yangu ambayo ina kama 2000mAh inavuka usiku mzima. Umeme ukikatika saa moja jioni mpaka alfajiri bado unaona pa kukanyaga, ila hautasoma gazeti.

Jambo ambalo nataka mlisome vizuri ni hili la kuwaka yenyewe, kwasababu linatibu matatizo mawili kwa pamoja. Ukiunga LED zako moja kwa moja kwenye OUT na ukaacha taa inawaka huku inachaji, TP4056 haitajua betri imejaa. Yenyewe inaamua kwa kuangalia mkondo: ikifika 4.2 inasubiri mkondo ushuke mpaka sehemu ya kumi ya ule iliyopangiwa, bodi ikiwa ya ampea 1 ni miliampea 100. Sasa LED zako zinavuta 200, huo mkondo utashukaje? Taa nyekundu ya bodi haizimi, ya bluu haiji, na seli inashikiliwa kwenye 4.2 masiku na masiku, inachakaa upesi. Ukiona nyekundu haibadiliki hata baada ya kulala imechomekwa, angalia kwanza kama kuna mzigo unavuta.

Nilichofanya ni kuweka transista moja ya PNP, S8550, katikati. Emita inapata waya kutoka OUT+, kolekta inaenda kwenye LED, na besi ina rizista ya omu 330 kwenda OUT-. Halafu kutoka IN+ nimeleta daiodi mpaka kwenye besi, ule mstari wake uko upande wa besi. Umeme ukiwepo, zile volti 5 za chaja zinainyanyua besi, transista inafunga, LED zimezima na betri inachaji peke yake bila kusumbuliwa. Umeme ukikatika, rizista inaivuta besi chini na taa inawaka papo hapo, huna haja ya kupapasa ukutani. Daiodi tumia 1N5819 na sio 1N4007, kwasababu 4007 inakula volti 0.7 na ukiwa na kebo ya simu iliyochoka volti zinazofika zinaweza kuwa kama 4.4, hapo besi haipandi ya kutosha na LED zinabaki na kamwanga hafifu mchana kutwa. Swichi ya kuzimia iweke kwenye ule waya wa OUT+ kabla ya emita, ukiiweka upande wa LED ile rizista ya besi itaendelea kunywa miliampea 10 hata taa ikiwa imezimwa na umeme haupo.

Kitu kingine nilichobadilisha ni ile rizista ndogo ya bodi inayopanga mkondo wa chaji, kwenye yangu imeandikwa R3 na juu yake 122, yani omu 1200. Mkondo kwa miliampea unapata kwa kugawa 1200 kwa kiloomu za hiyo rizista, kwahiyo 1.2 ni ampea 1 nzima. Kwa seli iliyotoka kwenye laptopu naona ni nyingi, nikaweka 2.4 ikawa 500. Kujaa inachukua saa tano hivi badala ya mbili na nusu lakini bodi haichomi tena kidole, maana hii chaja volti zinazozidi inazigeuza joto tu, betri ikiwa kwenye 3 na chaja ni 5 basi kwa ampea 1 ni wati 2 kwenye IC ndogo kama punje ya mchele.

Siku ya kwanza ukiunga seli unaweza ukapima OUT ukakuta sifuri kabisa. Usiing'oe. DW01A mara nyingi inaanza ikiwa imejifunga, chomeka chaja sekunde chache itafunguka. Vilevile ikijikata kwa betri kuisha haitafunguka mpaka uichaji. Ila B+ na B- usizigeuze hata kwa sekunde moja, bodi inakufa hapohapo na inatoa moshi, na usichomelee solda moja kwa moja kwenye seli, nunua kishikio chake.

Mapungufu yapo. LED kumi za milimita 5 zinatosha jikoni, korido au meza ya kusomea ukiisogeza karibu, sebule kubwa hazitoshi. Na hiyo S8550 msiitwishe LED thelathini, kikomo chake ni miliampea 500 na kabla hujafika huko inaanza kula volti nyingi na mwanga unapungua. Anayetaka kubwa zaidi aweke mosfeti ya P inayofunguka kwa volti 2.5, kama AO3401, na hapo ile rizista ya 330 unaweka 10k tu kwasababu geti haili mkondo.