Kipindi cha hesabu redioni: swali linaulizwa, jibu linatolewa, mtoto yuko wapi?

Sitataja jina la stesheni. Wanaokisikiliza kipindi hiki cha Darasa la Pili asubuhi wataitambua wenyewe. Nimekisikiliza darasani muhula huu karibu wote, na kuanzia wiki ya pili nikitoka pale nimekunja uso.

Kitu kimoja tu kimeharibika: ukimya. Mtangazaji anauliza, "Saba ukijumlisha na tano ni ngapi?" Kabla mtoto wa dawati la nyuma hajafungua kinywa, redio imeshajijibu: "Kumi na mbili!" Darasa zima linafuata, "Kumi na mbiliii!" Mgeni akipita dirishani atasema watoto hawa wanajua hesabu. Hawajui. Wanaitikia redio kama wanavyoitikia salamu.

Kwa wasioijua aina hii ya vipindi: si hotuba ya kusikilizwa. Mtindo huu ulianza Nikaragua mwaka 1974, kwa masomo ya hesabu yaliyosimamiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford. Kenya ikautumia miaka ya 1980 kufundisha Kiingereza madarasa matatu ya mwanzo, na Zanzibar nayo ikawa na vipindi vyake vya watoto wadogo. Kote huko siri ni ileile. Redio inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu kwa sauti au kwa mikono, kisha redio inatoa jibu sahihi. Mtoto aliyepatia anathibitisha, aliyekosea anajirekebisha papo hapo. Ukiondoa kile kimya cha katikati, umebakiza redio ya kawaida yenye watangazaji wachangamfu kupita kiasi.

Kimya hicho hakikadiriwi kwa hisia. Swali la kujibiwa na wote kwa neno moja linahitaji kama sekunde tatu. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakifikisha tatu majibu hubadilika: huwa marefu zaidi, na wanaojibu huongezeka. Huyo ni mwalimu anayewaona wanafunzi wake. Redio haioni mtu. Kwa kazi ya kuandika daftarini, sekunde 25 ni za kawaida, maana penseli inatafutwa, mstari unatafutwa, na jirani anachunguliwa kwanza. Mtoto akiitwa ubaoni, ongeza muda wa kutembea. Watengenezaji makini huenda kwenye darasa halisi lenye watoto 60 wakiwa na saa mkononi, wanaandika pembeni mwa hati ya kipindi kila swali limejibiwa baada ya sekunde ngapi, kisha wanarudi studio kurefusha au kufupisha. Anayepima kwa mwanawe mmoja sebuleni atakosea tu.

Sasa jambo lililonichemsha. Kipindi hichohicho kinapatikana kwenye flashi iliyogawiwa pamoja na mwongozo wa mwalimu. Nilivifuatisha viwili, cha flashi na cha hewani, somo lilelile la kujumlisha 27 na 15. Cha flashi kina dakika 28, cha hewani dakika 25. Hakuna wimbo uliokatwa, wala hadithi, wala hata kile kicheko cha babu kinachojirudia. Kilichokatwa ni kimya. Maswali ya mdomo kama 60 yamepunguzwa sekunde mbili mbili, hizo ni dakika mbili. Kazi nne za kuandika zimenyang'anywa sekunde 15 kila moja, dakika ya tatu hiyo. Dakika tatu zote zikawa matangazo ya sabuni na vifurushi vya simu.

Tazama linavyoumia somo lenyewe. Redio inasema, "Andika 27, chini yake 15." Sekunde kumi. Mtoto bado yuko kwenye 2 ya 27. "Jumlisha mamoja: saba na tano?" Jibu limeshatoka. "Kumi na mbili ni kumi moja na mbili. Andika mbili chini ya mamoja, ile kumi moja ipeleke kwenye makumi." Hapa ndipo somo lote lilipo, na mtoto hajaandika hata 15. "Makumi sasa ni mangapi?" Lazima ahesabu mbili, moja, na ile moja iliyopelekwa, apate nne. Redio inasema 42, naye anaandika 42 bila kujua ile kumi ilitoka wapi. Kesho ukimpa 38 na 24 bila redio, anakuandikia 512: nane na nne kumi na mbili, tatu na mbili tano, zote zimepangwa jinsi zilivyo. Ukiliona jibu la namna hiyo kwenye madaftari mengi, usimlaumu mtoto kwanza. Rudia kipindi na usikilize kimya.

Dalili nyingine hujitokeza mapema zaidi. Sikiliza sauti ya darasa inaingia kabla au baada ya jibu la redio. Kwenye kipindi kisichokatwa, watoto huanza kabla, kwa vurugu, na majibu mengine si sahihi. Kwenye kilichokatwa, huanza baada, kwa pamoja, na yote ni sahihi. Vurugu ndiyo afya.

Nilipiga simu stesheni. Aliyepokea hakuuliza hata ni kipindi gani. "Mama, redio haiwezi kukaa kimya, watu watahama." Nikamwambia wasikilizaji wa saa ile wana miaka minane na hawana rimoti. Akakata.

Nikiwa mkweli, na hasira ikishuka kidogo, fundi mitambo ana lake la kusema. Mitambo mingi ya studio ina kitambuzi cha ukimya: sauti ikipotea sekunde kadhaa, king'ora kinalia au muziki wa akiba unaingia wenyewe. Lakini dawa yake inajulikana. Chini ya kimya unaweka sauti hafifu, ndege wa mbali au upepo, isiyo na mdundo wala maneno. Kwenye kazi za kuandika unaweka muziki mwepesi, na ukiisha darasa linajua muda umekwisha. Mtambo unaridhika, mtoto anafikiri. Haigharimu kitu.

Kwa hiyo nilitaka kutoa nyota moja na kwenda zangu. Ila flashi! Kwenye flashi kazi hii ni safi. Kupeleka kumi hakumwagwi siku moja: kunarudi dakika nne tano kila somo, kwa masomo mengi mfululizo, kukichanganywa na hesabu za kichwa na wimbo wa kunyoosha viungo. Mwongozo wa mwalimu unasema wazi nini kichorwe ubaoni kabla redio haijawashwa. Nyota tano, nikasema.

Halafu nikafika masomo ya mwishoni, ambako baada ya kimya redio inasema, "Vizuri sana, umepata!" na kuendelea bila kutaja jibu. Umepata nini? Redio haikumsikia mtu. Aliyeandika 512 naye kapongezwa.

Nyota tatu za flashi. Za hewani, wakanunue sabuni.