Skrabu zangu tatu na ndoo ya jiki

Suruali ya skrabu yangu ya kwanza, sare ya chumba cha upasuaji, ilinichanikia kazini, nilipochuchumaa kutoa seti ya vifaa kwenye kabati la chini. Ilikuwa ya pamba tupu, kijani kibichi, haijafikisha hata miezi minne. Nikampelekea fundi wangu hapa Tanga nikiwa nimeshapanga maneno ya kumlaumu. Akaivuta kidogo kwa vidole kando ya mshono, ikaachia kama karatasi iliyolowa. Uzi wa polista aliotumia kushonea ulibaki mzima.

"Sista, hii haijachakaa, imeungua," akaniambia. "Unafulia nini?"

Kweli, nguo iliyochakaa kwa kusuguana huisha pale inaposuguka, hasa mapajani. Yangu ilikuwa inachanika popote, na nyuzi zake zilikatika bila kuvutika.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ni muuguzi wa thieta, na mkono wangu umezoea jiki ya asilimia 0.5, ile ya kuondolea uambukizo. Nyumbani nilikuwa nachanganya hiyohiyo: jiki ya dukani yenye klorini asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, halafu naloweka skrabu mpaka asubuhi. Katika ndoo ya lita 10 hiyo ni karibu lita moja na nusu ya jiki! Kwa nguo, klorini inayotakiwa ni miligramu 50 hadi 150 kwa lita ya maji. Mimi nilikuwa naweka 5,000. Vijiko viwili vya chakula kwenye ndoo ile vingetosha. Pamba ni selulosi, na klorini hukatakata minyororo yake kidogo kidogo. Joto huharakisha kazi hiyo, na klorini isiyosuuzwa vizuri huendelea kula nguo hata ikiwa kwenye kamba.

Ya pili nikashona tetroni, polista 65 na pamba 35. Hii sasa ina miezi kumi na minne. Polista haiogopi klorini, kwa hiyo hata sehemu ya pamba ikidhoofika, nguo hukonda lakini haichaniki ovyo. Hata hivyo niliamua kuacha jiki na kutegemea moto. Waingereza huua vijidudu vya nguo za hospitali kwa nyuzijoto 71 kwa dakika 3, au 65 kwa dakika 10, na muda unahesabiwa baada ya nguo yenyewe kufikia joto hilo. Neno "yenyewe" ndilo lililonikamata. Nilinunua kipimajoto cha jikoni, nikamimina maji ya nyuzi 75 juu ya nguo zilizotoka kusuuzwa, na yakashuka chini ya 65 kabla sijamaliza kuzikandamiza. Sasa natumia sufuria kubwa jikoni, mfuniko juu, moto mdogo, napima katikati ya nguo, na ikishafika nyuzi 65 naiacha kwenye joto hilo dakika kumi.

Kabla ya moto lazima maji baridi na sabuni. Damu ikikutana na maji ya moto protini yake huganda ndani ya uzi, na doa hilo utazeeka nalo. Hapo nazungumzia tone moja moja. Skrabu iliyolowa damu siibebi nyumbani, inabaki laundri ya hospitali.

Tetroni ina hila yake. Ukiitoa kwenye maji ya moto na kuitumbukiza ghafla kwenye baridi, mikunjo yote inaganda na pasi inahangaika. Naongeza maji baridi taratibu mpaka yawe vuguvugu. Pia ina joto. Januari hapa pwani utaijutia ifikapo saa sita mchana, na mapajani imeshaanza kuota vijifundo. Nyota nne.

Ya tatu niliagiza mtandaoni, ile inayovutika, yenye spandeksi. Kuivaa ni raha tupu. Nilimwachia binti wa nyumbani aifue na mashuka yenye jiki mara chache, kiunoni ikalegea na haikurudi. Spandeksi na klorini havikai nyumba moja. Nyota mbili, na labda tatu kwa mtu asiyegusa jiki kabisa.

Tukiwa kwenye mashuka: yale yanayopata madoa ya kahawia baada ya kufuliwa, msiongeze jiki. Dawa ya ngozi yenye klorheksidini ikibaki kwenye kitambaa, klorini ndiyo inayoleta ukahawia huo. Nilipoteza mashuka mawili mazuri nikidhani hayajatakata.

Nimeagiza tetroni nyingine mbili kwa fundi yuleyule. Safari hii nimemwambia aache lastiki, aweke kamba ya kufunga.